Kutoka polo, ndoo na pishi hadi kilo: kujumlisha mpunga wa kikundi

Daftari la mpunga la kikundi chochote cha Pemba lina sura moja. Mstari huu umeandikwa polo 4, wa chini yake ndoo 17, unaofuata kilo 185 kwa sababu huyo alipita penye mizani, halafu kuna pishi 48 za bibi aliyeleta kwa awamu tatu. Ikifika siku ya kufunga hesabu, katibu anatakiwa atoe namba moja. Hapo ndipo polo huhesabiwa kilo 100, ndoo ya lita 20 ikaitwa kilo 20, na ghala likaonekana limejaa kwenye karatasi tu.

Tutafuata daftari moja la mfano, la mpunga peke yake, tangu kupima vyombo hadi jumla ya mwisho. Namba za uzito zilizomo humu ni za mfano huo. Zako utazipata kwa mizani yako, kwa mpunga wako.

Kwanza, amua kilo ya kitu gani

"Kilo" haitoshi. Kilo ya mpunga uliotoka bondeni leo, kilo ya mpunga mkavu na kilo ya mchele ni mali tatu tofauti. Kwa daftari la kikundi, kipimo kinachofaa ni kilo ya mpunga mkavu uliopepetwa, maana huo ndio unaowekwa ghalani na ndio unaopelekwa mashineni. Usiubadilishe kuwa mchele katika hatua hii. Mchele unaotoka kwenye mpunga hutegemea mbegu, ukavu na mashine yenyewe, na ukiuingiza humu utakuwa unalundika makisio juu ya makisio.

Andika uamuzi huo juu ya ukurasa: *Jumla zote ni kilo za mpunga mkavu uliopepetwa.* Usifute wala usiandike juu ya maandishi ya awali. Kama mtu aliandikiwa "ndoo 17 tele", yabaki vivyo hivyo, na kilo ziingie kwenye safu mpya pembeni. Kesho mtu akibisha, huna cha kurejea ila yale maneno ya siku ya kwanza.

Pili, jua kila neno lina vyombo vingapi nyuma yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko hesabu yenyewe. Pitia daftari zima na uorodheshe kila neno la kipimo, kisha uliza chombo gani kilitumika na kilijazwa vipi.

Neno "polo" linaweza kuwa polo kubwa linaloitwa la kilo 100, au kipolo kilichokuja na mchele wa dukani chenye chapa ya kilo 50. Neno "ndoo" linaweza kuwa ya lita 20 au ya lita 10. Halafu kuna lile ambalo wazee hawakulifanyia mzaha: mfuto au tele. Ndoo ya mfuto ni ile iliyokatwa juu kwa kijiti ikawa sawa na ukingo. Ndoo ya tele ina kilima juu. Ukimuuliza mtu mzima wa Micheweni, "Bibi, ndoo zako zilikuwa za mfuto au tele?" na akakujibu, "Mwanangu, mie hupima mpaka imwagike," basi umeshapata jibu, liandike: tele.

Polo nalo lina habari yake. Polo lililoshonwa mdomo ukiwa umelala sawa si sawa na lile lililoongezwa kichwa kwa kamba za pembeni. Kama kikundi chako kina yote mawili, ni vipimo viwili, kila kimoja na jina lake.

Katika daftari letu la mfano, baada ya kuuliza, yalipatikana majina haya: polo, kipolo, ndoo mfuto, ndoo tele, pishi, kilo kavu na kilo mbichi. Hiyo ndiyo orodha. Lisiongezwe jina jingine bila chombo chake kupimwa.

Tatu, jaribu mizani kabla ya kuiamini

Mizani ya kuning'iniza iliyokaa ghalani msimu mzima inaweza kuwa imelegea. Njia rahisi ya kuijaribu ni maji, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1. Nunua au azima katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Maji yake ni kilo 18, na plastiki ya chupa huongeza kidogo tu, chini ya nusu kilo. Mizani ikisoma 17 au 20, usiendelee nayo. Usitumie dumu la lita 20 kwa jaribio hili: ukilijaza mpaka shingoni huingia zaidi ya lita 20, na utailaumu mizani bure.

Kwa uzito mkubwa, pima kipolo kimoja, pima cha pili, kisha vitundike vyote viwili pamoja. Kama cha kwanza ni 36 na cha pili 35, viwili pamoja lazima visome 71. Vikisoma 68, mizani inaibia juu, na polo zako zote zitatoka pungufu.

Angalia pia alama za mizani. Mizani ya saa yenye alama za nusu kilo inafaa kwa polo. Kwa ndoo tafuta inayosoma angalau gramu 100.

Nne, pima vyombo vyenyewe

Chukua ndoo ileile inayotumika. Ipime tupu, tuseme ni kilo 0.9. Ijaze mpunga mkavu kwa kuumimina kutoka juu kidogo, kimo cha kiunoni, bila kuitikisa wala kuigonga chini. Ukiitikisa, punje hujipanga, nafasi hupatikana juu, unaongeza tena, na uzito hupanda ingawa ndoo ni ileile. Hii ndiyo sababu watu wawili hupata namba mbili kwa chombo kimoja na kila mmoja akaapa kwamba ni mkweli. Kata juu kwa kijiti kilichonyooka, si kwa kiganja, kwani kiganja huchimba katikati.

Fanya hivyo mara tano, na mpunga wa wanachama tofauti. Ndoo za mfuto zilisoma 12.8, 12.3, 12.6, 12.1 na 12.7. Toa 0.9 ya ndoo kwa kila moja, utabaki na 11.9, 11.4, 11.7, 11.2 na 11.8. Jumla 58.0, gawa kwa 5, ndoo moja ya mfuto ni kilo 11.6.

Tazama hapo: ndoo ya lita 20 haikufika hata kilo 12. Punje ya mpunga ina ganda, ina ncha, na baina ya punje na punje kuna hewa nyingi. Ndoo hiyohiyo ukiijaza mchele itakuwa nzito zaidi kwa kilo kadhaa. Ndiyo maana kipimo cha ndoo cha mchele, mahindi au muhogo hakiazimwi kwa mpunga. Hata pishi ya karafuu mbichi inayolipiwa wachumaji haina cha kukuambia kuhusu pishi ya mpunga isipokuwa ukubwa wa chombo.

Ndoo za tele, baada ya kutoa uzito wa ndoo, zilitoka 12.6, 13.6, 12.5, 13.7 na 13.1. Wastani ni kilo 13.1. Ukizilinganisha, za mfuto zilipishana kwa gramu 700 kutoka nyepesi hadi nzito, za tele zikapishana kwa kilo nzima na gramu 200. Kilima kila mtu hukijenga kwa mkono wake. Mwakani piga marufuku tele. Kwa mwaka huu ipokee ilivyo.

Pishi ni vibaba vinne, lakini usiipime moja moja. Ni ndogo, na kosa dogo la mizani ni kubwa kwake. Pima pishi 10 za mfuto ndani ya mfuko mmoja, toa uzito wa mfuko, kisha gawa kwa 10. Mfano wetu ulitoa kilo 19.6, kwa hiyo pishi ni kilo 1.96. Usiifanye 2 ili iwe rahisi. Kwenye pishi 48 tu utakuwa umezua karibu kilo mbili zisizokuwepo.

Hapo kuna njia ya kujihakiki bila mizani: ndoo ya mfuto ya 11.6 ikigawiwa kwa 1.96 inatoa pishi 5.9. Mimina pishi sita ndani ya ndoo tupu. Ya sita iache kiganja cha mpunga nje. Ikiwa inaingia pishi tano na nusu tu, ama pishi si ile, ama mmoja wa vipimo viwili umekosewa.

Polo tano zilisoma 71, 74, 69, 73 na 73, wastani 72. Vipolo vitano vilisoma 37, 35, 36.5, 35.5 na 36, wastani 36. Mifuko hii ya nailoni ni myepesi, gramu mia na kitu, unaweza kuiacha. Gunia la juti usiliache, kwa kuwa peke yake linakaribia kilo nzima.

Chapa ya kilo 50 kwenye kipolo ilikuwa ya mchele uliokuja nao. Kipolo hakibadiliki, kilichobadilika ni kilichomo ndani.

Tano, ushughulikie mpunga mbichi peke yake

Katika daftari letu kuna mtu aliyepimiwa kilo 240 siku ya kuvuna, mpunga ukiwa bado na maji. Mizani ilisema kweli, ila ilipima na maji yatakayoondoka.

Kama una kifaa cha kupimia unyevu, hesabu ni hii: uzito mkavu ni sawa na uzito mbichi mara (100 toa unyevu wa mwanzo), gawa kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Mpunga wa unyevu wa asilimia 25 ukikaushwa hadi 14, ambayo ndiyo inayofaa kuwekea ghalani, kilo 100 zitabaki 87.2. Kosa la kawaida ni kutoa 14 kwenye 25 na kusema umepungua asilimia 11. Hupungua karibu 13, kwa sababu maji yakitoka, mzigo wote unakuwa mdogo na ile asilimia 14 inahesabiwa kwenye mzigo mpya.

Kama huna kifaa, chukua kilo 20 za mpunga ule ule, uanike juani juu ya jamvi kwa tabaka jembamba, ugeuzegeuze, usiku uuingize ndani. Pima kila jioni hadi uzito usishuke tena. Punje iliyokauka ukiitafuna hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Upepete kwa uteo kuondoa pepe na makapi, kisha pima mara ya mwisho. Kwetu zilibaki kilo 17.4. Gawa 17.4 kwa 20, kipimo ni 0.87.

Kama mpunga mbichi uliletwa kwa ndoo, 0.87 haitoshi. Itabidi upime ndoo ya mpunga mbichi kwanza, maana uzito wake si ule wa 11.6.

Sita, geuza mstari kwa mstari

Orodha ya vipimo, ibandike ndani ya jalada la daftari pamoja na tarehe:

| Kipimo | Kilo za mpunga mkavu |
|---|---|
| polo | 72 |
| kipolo | 36 |
| ndoo mfuto | 11.6 |
| ndoo tele | 13.1 |
| pishi | 1.96 |
| kilo kavu | 1 |
| kilo mbichi | 0.87 |

Na hili ndilo daftari:

| Mwanachama | Ilivyoandikwa | Hesabu | Kilo |
|---|---|---|---|
| 1 | polo 4, ndoo 2 mfuto | 288 + 23.2 | 311.2 |
| 2 | ndoo 17 tele | 17 × 13.1 | 222.7 |
| 3 | kilo 185 kavu | 185 × 1 | 185.0 |
| 4 | pishi 48 | 48 × 1.96 | 94.08 |
| 5 | kilo 240 mbichi | 240 × 0.87 | 208.8 |
| 6 | vipolo 6, pishi 5 | 216 + 9.8 | 225.8 |
| 7 | polo 3 kasorobo | 2.75 × 72 | 198.0 |
| 8 | ndoo 9 | 9 × 11.6 | 104.4 |

Mistari miwili inataka maneno. Wa saba, "polo 3 kasorobo", ni 2.75, si 3 toa kitu kisichojulikana. Lakini robo ya polo hukisiwa kwa macho, kwa hiyo kama mzigo bado upo, lile polo lisilojaa lipime kwenye mizani uandike kilo zake. Wa nane hana mfuto wala tele, na mwenyewe hakumbuki. Ukichukua mfuto ni kilo 104.4, ukichukua tele ni 117.9. Tumechukua ndogo na kuweka alama ya nyota kwenye daftari, na pembeni tumeandika "huenda zikazidi 13.5". Usichukue ya katikati kimyakimya. Namba ya katikati haionyeshi kwamba kulikuwa na shaka.

Jumla ni 1,549.98. Hapo sasa, mwishoni kabisa, ndipo unapokata desimali: kilo 1,550. Ukikata kila mstari njiani, makosa madogo hujumlishana.

Sasa lihesabu daftari lilelile kwa mazoea: polo 100, kipolo 50, ndoo 20 bila kujali mfuto wala tele, mbichi sawa na kavu. Hata ukiiacha pishi na kipimo chake sahihi, utapata kilo 2,064. Kilo 514 zimezaliwa kwenye karatasi, theluthi ya mzigo halisi. Aliyeahidiwa mzigo huo akija na gari, hapatakuwa na wa kumuelezea.

Kwa anayetumia kompyuta au simu

Weka orodha ya vipimo kwenye ukurasa uitwao `Vipimo`, jina la kipimo safu A, kilo safu B. Kwenye ukurasa wa daftari, idadi iwe safu C na kipimo safu D. Mwanachama mwenye polo na ndoo apewe mistari miwili. Kwenye safu E:

```
=C2*VLOOKUP(D2,Vipimo!A:B,2,FALSE)
```

Hiyo `FALSE` usiisahau. Ukiiacha, kompyuta itatafuta jina linalokaribia, na "ndoo" tupu inaweza kupewa kilo za chombo kingine bila kukuonya. Ukiiweka, jina lisilokuwemo huleta `#N/A`, na hiyo ni faida yako: ama umekosea herufi, ama umeandika "ndoo" bila kusema mfuto au tele. Usiandike "4 polo" katika kisanduku kimoja. Kwa kompyuta hayo ni maneno, hayazidishwi.

Saba, rudi ghalani uhesabu

Kilo 1,550 zikigawiwa kwa 72 ni polo 21 na nusu. Mara mzigo wote ukishakaushwa na kutiwa kwenye polo kubwa zilizoshonwa kwa namna ileile, nenda ukahesabu. Ukikuta 21 na nusu, au polo moja kasoro au zaidi, daftari liko sawa. Tele za mwanachama wa pili, nyota ya wa nane na kupishana kwa kilo za polo na polo, kama zile tano zilizosoma 69 hadi 74, kwa pamoja vinatosha kuleta tofauti hiyo.

Ukikuta 19, usianze na wizi. Anza na mstari wa pili: pengine zile ndoo 17 zilikuwa za mfuto, na hapo peke yake zinapungua kilo 25.5. Kisha angalia kama ule mbichi ulipepetwa baada ya kukauka, na kama kuna mstari ulioingizwa mara mbili, kwa ndoo siku ya kwanza na kwa kilo siku ya mizani. Ukikuta 24, pima polo tatu kati ya hizo. Zikisoma 64 badala ya 72, mpunga ni uleule, ila aliyejaza mara hii hakuzijaza kama zile tano za mwanzo.

Orodha ya vipimo irudiwe kila msimu, na hata katikati ya msimu ikibadilishwa mbegu au ikivunjika ndoo. Mbegu ya punje ndefu na ya punje fupi hazijipangi sawa ndani ya chombo, na ndoo mpya ya duka jingine yenye maandishi ya lita 20 inaweza kuwa na mdomo mpana zaidi, kwa hiyo tele yake itakuwa kubwa kuliko ya zamani.